Saa Tatu Ni Saa Ngapi? Maoni Yetu Juu ya Kujaza Fomu kwa Maneno ya Wazee



Tangu mwaka huu wa masomo uanze, baadhi yetu tumekuwa tukienda kila Jumamosi kuwasaidia wazee wanaozungumza Kiswahili kujaza fomu. Hapa mjini wako waliotoka Unguja na Mombasa, na wako wengi zaidi waliotoka mashariki ya Kongo wakapitia makambi ya wakimbizi kabla ya kuletwa Marekani. Fomu zao ni za kliniki, za shule za wajukuu, za nyumba. Tunaandika makala haya kwa sababu tumefanya kosa katika kazi hiyo, na kosa lenyewe limetufanya tuamini kwamba namna tunayoifanya haifai na inapaswa kubadilika.

Kwanza tueleze kazi yenyewe, maana wanachama wengi hawajaiona. Mzee hajibu fomu kisanduku kwa kisanduku. Ukimwuliza tarehe ya kuzaliwa atakueleza alikozaliwa, nani alikuwa mkunga, na kwa nini alipewa jina lile. Kwa hiyo tuliamua mapema kwamba hatutamkatiza. Yeye anaeleza, mmoja wetu anaandika maneno yake yote kama aya moja ndefu, na baadaye, yeye akiwa ameshaenda zake, tunaketi na ile aya tuitoe majibu: neno hili liende kwenye kisanduku cha jina, lile kwenye kisanduku cha dawa, lile la simu kwenye simu. Kila kisanduku kina lebo yake na kila lebo inadai jibu moja. Majibu hayo tunayaingiza katika jedwali la kompyuta, na kutoka hapo fomu ya Kiingereza inajazwa.

Inaonekana ni kazi ya karani tu. Sisi nasi tuliidhani hivyo, mpaka ilipofika habari ya saa tatu.

Babu mmoja alituambia kwamba yeye huwa na nafasi siku ya Jumanne kuanzia saa tatu. Mwenzetu aliyekuwa akihamisha majibu, ambaye amezaliwa hapa hapa, aliandika 3:00 katika kisanduku cha miadi. Kliniki ikampangia babu saa tisa alasiri, wakati ambao yeye yuko kazini. Babu kwa upande wake alisikia tu kwamba amepata Jumanne, akaenda asubuhi kama alivyosema, akakaa kwenye kiti mpaka karibu na adhuhuri, akaambiwa zamu yake bado. Akaondoka kuwahi kazi. Miadi iliyofuata ilipatikana baada ya wiki sita. Hatuwezi kuilaumu kliniki, kwani kliniki ilifuata tulichoandika. Wala hatuwezi kumlaumu babu, maana alisema Kiswahili sanifu kabisa.

Tulipoketi kulijadili kosa hili, jibu la kwanza lililotolewa lilikuwa jepesi: tangu leo kila saa ya Kiswahili iongezwe sita. Saa tatu iwe 9:00, saa nne iwe 10:00, basi. Lakini mmoja wetu akasema mama yake, aliyekaa nchi hii miaka ishirini, akisema "saa tatu" anakusudia saa ya Kizungu, na ukimwongezea sita utamkosesha miadi kwa njia nyingine. Basi kanuni ya kuongeza sita inarekebisha kosa la babu na kuzaa kosa la mama. Kinachosaidia ni neno linalofuata. Mtu akisema "saa tatu asubuhi" hakuna shaka, maana hakuna kliniki inayofunguliwa saa tisa za usiku. Akisema "saa tatu mchana", neno lile "mchana" linamsaliti: kwa hesabu yetu saa tatu ni asubuhi, kwa hiyo huyu anahesabu kwa saa ya Kizungu. Na akisema "saa tatu" peke yake, hakuna kanuni itakayokuokoa. Hapo jibu halijapatikana bado, na la kufanya ni kumpigia simu umwulize.

Hapo ndipo ulipo msingi wa maoni yetu. Kuhamisha majibu kutoka katika maelezo kwenda katika visanduku ni kazi mbili, nasi tulikuwa tukizifanya kwa pamoja kana kwamba ni moja. Kazi ya kwanza ni kuona maneno gani katika aya ndiyo jibu la lebo ipi. Kazi ya pili ni kuyageuza maneno hayo yawe katika sura inayotakiwa na fomu. Mwenzetu aliyeandika 3:00 aliifanya kazi ya kwanza sawasawa: aliyapata maneno yenyewe, na aliyapeleka mahali pake. Alikosea katika ya pili. Lakini kwa kuwa jedwali lilionyesha 3:00 tu, hakuna aliyeweza kuona kosa. Maneno ya babu yalikuwa yamekwisha kufutika.

Tunapendekeza basi kila kisanduku kiwe na safu mbili. Ya kwanza tuiite "Alivyosema", nayo ibebe maneno ya mzee neno kwa neno, bila kusahihishwa. Ya pili tuiite "Kwa fomu", nayo ibebe tulichoandika baada ya kuyafasiri. Kama jedwali letu lingekuwa na "Jumanne kuanzia saa tatu" kando ya "3:00", yeyote aliyezaliwa pwani angeliona kosa kwa kutupa jicho mara moja.

Ili jambo hili lieleweke tumetunga maelezo ya bibi mmoja asiyekuwapo, tukikusanya humo mambo tuliyoyasikia kwa watu mbalimbali. Majina yote ni ya kubuni.

"Jina langu Mwanahamisi Juma Hamadi, lakini wote wananiita Mama Saidi. Nimezaliwa mfungo sita, mwaka wa mapinduzi, kwetu Makunduchi. Nakaa na mjukuu wangu Riziki, ana miaka tisa, chanjo ya pili bado hajapata. Mimi nameza kidonge cha presha kila asubuhi, kingine sina. Penisilini hainidhuru, ila nikila pweza mwili wote unaniwasha. Likitokea jambo mpigieni baba yake mdogo, ndiye mwenye gari."

Ni sentensi sita tu, na kila moja ina mtego wake. Hatutazipitia zote, bali zile zinazofundisha zaidi.

Tuanze na penisilini. Fomu ya kliniki ina kisanduku cha vitu vinavyomdhuru mgonjwa, ambacho sisi katika jedwali tumekiita "mzio". Anayetafuta neno "mzio" katika maelezo ya bibi hatalipata, kwa sababu bibi hakulisema, na huenda akaacha kisanduku kitupu. Anayetafuta majina ya dawa atakutana na "penisilini" na huenda akaiandika. Wote wawili wamekosea, na wa pili amekosea vibaya zaidi. Jibu liko katika "nikila pweza mwili wote unaniwasha", na penisilini imetajwa ili ikanushwe. Kukanusha kwenyewe kumefichwa ndani ya kitenzi: "hainidhuru". Katika Kiingereza mara nyingi kuna neno dogo lililojitenga ambalo macho hulikuta. Kwetu ni silabi moja mwanzoni mwa neno, na anayesoma kwa haraka akitafuta nomino anairuka. Kwa hiyo kanuni yetu iwe hivi: kipande kinachochukuliwa kamwe kisiwe nomino peke yake. Kichukuliwe pamoja na kitenzi chake. Ukiandika katika safu ya kwanza "penisilini hainidhuru" hutaweza tena kujidanganya kwamba ni jibu la mzio.

Chanjo ya Riziki ni jamaa ya jambo hilo. Bibi amesema "bado hajapata". Fomu ya shule inauliza amepata au hakupata, na ina visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Lakini kila mmoja wetu aliyekaa darasa la sarufi anajua kwamba "hajapata" si "hakupata". "Hakupata" imefunga mlango. "Hajapata" imeuacha wazi, kwamba chanjo inatarajiwa. Kwa fomu tutaweka alama kwenye hapana, hatuna njia nyingine. Ila safu ya kwanza itabaki na "bado hajapata", na muuguzi wa shule akipiga simu tutajua la kumwambia: mtoto anangojea tarehe, familia haikukataa chanjo.

Sasa tazama jinsia ya Riziki. Fomu inaitaka. Aya nzima haikuisema. Riziki ni jina la mvulana na la msichana, "mjukuu" ni wa kiume au wa kike, na vitenzi vyetu havitofautishi: ana miaka tisa, hajapata chanjo, yeyote yule. Tulipoyafanyia maelezo haya jaribio, wanachama wawili wakiyasoma kila mmoja kivyake, wa kwanza alijaza "mvulana" na wa pili "msichana", na hakuna aliyekumbuka alikolitoa. Kila mmoja alikuwa na Riziki wake kichwani. Hatari hii hutupata sisi wenye lugha kuliko mgeni, kwa sababu tunasikia zaidi ya kilichosemwa. Kisanduku hiki katika safu zote mbili kilipaswa kubaki kitupu, na kando yake kuandikwe sababu ya utupu huo.

Tunasisitiza sababu, kwa maana utupu una aina zake. Kuna "hakusema", ambayo dawa yake ni kuuliza. Kuna "hajui", yaani aliulizwa akasema hajui, na kumpigia tena ni kumsumbua. Na kuna "haimhusu", kama kisanduku cha mwajiri kwa mtoto wa miaka tisa. Leo jedwali letu linaonyesha zote tatu kwa namna moja, nafasi nyeupe, na ndiyo maana kila wiki tunawapigia watu wale wale kuwauliza mambo yale yale.

Kisha kuna "baba yake mdogo". Fomu ya bibi inataka jina la mtu wa kuitwa wakati wa dharura na uhusiano wake na mgonjwa. Anayetafuta haraka atachomoa "baba" na kuandika kwamba mtu huyo ni baba. Lakini baba mdogo si baba. Ni ndugu mdogo wa baba, na wako wanaomwita hivyo hata mume wa mama mdogo. Tena ni baba mdogo wa nani? Wa Riziki, wala si wa bibi. Ikiwa baba yake Riziki ni mtoto wa bibi, basi huyu mwenye gari huenda ni mtoto wa bibi pia. Ikiwa ni mama yake Riziki aliye mtoto wa bibi, basi huyu huenda ni ndugu wa mkwe wake. Uhusiano katika fomu ya mjukuu ni mmoja, katika fomu ya bibi ni mwingine, na jina lake halikutajwa kabisa. Basi kabla ya kuuliza "jibu hili ni la lebo ipi" ni lazima kuuliza "jibu hili ni la mtu yupi". Aya moja ya mzee mara nyingi hubeba watu wawili au watatu, na kila mmoja anastahili mstari wake katika jedwali.

Kuhusu majina tutasema kwa ufupi, ingawa yanatutesa kuliko yote. Fomu inataka jina la kwanza na jina la ukoo. Mwanahamisi Juma Hamadi ana jina lake, la baba yake na la babu yake, hakuna la ukoo humo. "Mama Saidi" ni jina la heshima kwa mtoto wake, si la kuandikwa kliniki. Kwa jirani zetu wa Kongo mpangilio ni mwingine: karatasi zao nyingi huanza na jina, likafuata jina la pili la kienyeji, na jina la ubatizo likaja mwisho. Anayechukua neno la mwisho akaliita jina la ukoo ataandika jina la babu kwa mtu wa Unguja, na jina la ubatizo kwa mtu wa Bukavu. Kwa hiyo jina lisigawanywe kutoka katika maelezo kamwe. Katika safu ya kwanza liandikwe zima, na katika safu ya pili ligawanywe kama lilivyogawanywa katika kitambulisho alicho nacho mkononi, hata kama limegawanywa vibaya, kwa sababu fomu mbili zenye migawanyo miwili humfanya mtu mmoja kuwa wawili.

Jambo hilo hilo linahusu kuzaliwa. "Mfungo sita, mwaka wa mapinduzi" si maneno ya kubahatisha. Kwa mtu wa Makunduchi mwaka wa mapinduzi ni 1964, na mfungo sita ni mwezi wa Maulidi, ambao mwaka ule uliangukia Julai na siku za mwanzo za Agosti. Mwenye kupenda hesabu anaweza kuifikia tarehe iliyo karibu sana na kweli. Lakini anayesoma kwa papara, akachukua "sita" akaiweka mahali pa mwezi, ataandika Juni. Na hata aliyehesabu vizuri anaweza kumdhuru bibi, maana watu wengi waliokuja bila cheti cha kuzaliwa waliandikiwa 1 Januari katika karatasi zao, na kliniki itamtafuta kwa tarehe hiyo. Safu ya "Kwa fomu" basi ibebe tarehe ya kitambulisho, nayo kwa desturi ya hapa ianze na mwezi. Safu ya "Alivyosema" ibebe mfungo sita. Moja ni ya kumtambulisha ofisini, nyingine ni kweli yake, na hakuna haja ya moja kuifukuza mwenzake.

Sasa tuje kwenye kompyuta, kwa sababu baadhi ya wanachama wanaosoma sayansi ya kompyuta walitaka kazi yote iachiwe programu. Jaribio lao la kwanza lilikuwa kutafuta jina kwa mpangilio huu:

```
jina langu (\w+)
```

Katika maelezo ya bibi halikupata chochote, kwa kuwa bibi ameanza sentensi na J kubwa. Walipolirekebisha lilipata "Mwanahamisi" likaishia hapo, na kwa mtu aliyesema "jina langu ni" lilituletea mtu anayeitwa "ni". Kila tundu lililozibwa lilifungua jingine. Wazee hawasemi kwa mpangilio mmoja, na hatutaki waseme hivyo.

Hata hivyo hatusemi kompyuta haina kazi hapa. Kazi yake nzuri ni kukagua. Ikiwa safu ya "Alivyosema" kweli ni maneno ya mzee, basi kila kilichomo kinapaswa kupatikana katika aya, herufi kwa herufi. Programu ya mistari mitatu inatosha:

```
for lebo, maneno in alivyosema.items():
    if maneno and maneno not in maelezo:
        print("Hayamo katika maelezo:", lebo)
```

Tulipoipitisha juu ya majaribio yetu mawili, "mvulana" na "msichana" vilijitokeza hapo hapo, maana hakuna neno lolote kati ya hayo katika aya ya bibi. Ilikamata pia "dawa ya presha", ambayo mmoja wetu aliiandika kwa kusahihisha, wakati bibi alisema "kidonge cha presha". Hilo ni kosa dogo, lakini linaonyesha jinsi mkono unavyopenda kusahihisha.

Tuwe wakweli kuhusu mipaka ya ukaguzi huu. Unamkamata aliyeongeza, haumkamati aliyekata. Aliyeandika "baba" peke yake anapita salama, kwa sababu neno "baba" limo katika aya. Haumkamati pia aliyeacha kitu: kama pweza amesahauliwa, programu itanyamaza. Kwa hayo mawili tunahitaji macho ya watu. Kwa la kwanza, watu wawili wasome aya moja bila kushauriana, kisha walinganishe kisanduku kwa kisanduku. Wanapotofautiana ndipo pa kuuliza. Kwa la pili, kila kipande kilichochukuliwa kipigiwe mstari katika karatasi, halafu tusome yale yasiyopigiwa mstari. Katika aya ya bibi, kama yaliyobaki bila mstari ni "lakini wote wananiita" na "ndiye mwenye gari", tunaweza kulala. Kama yaliyobaki ni "mwili wote unaniwasha", hatujamaliza kazi.

Na ukaguzi wa mwisho uwe wa mwenyewe. Tumsomee mzee majibu yake kwa sentensi kamili za Kiswahili, tukianza na safu ya pili: "Bibi, tumeandika kwamba kliniki ikupangie saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Ndivyo?" Tusimsomee "saa tatu", kwa maana tukimrudishia maneno yake yale yale ataitikia tu, nasi hatutakuwa tumekagua kitu.

Tumekwisha kusikia mapingamizi mawili, nayo yana uzito. La kwanza ni la muda. Jumamosi wanakuja wazee wengi, na safu mbili na wasomaji wawili ni kazi maradufu. Ni kweli. Lakini si kila kisanduku kinahitaji wasomaji wawili. Namba ya simu iliyosomwa kutoka katika simu yenyewe haina tafsiri. Tunapendekeza wasomaji wawili kwa visanduku vinne tu: miadi, dawa, mzio, na mtu wa dharura. Hivyo ndivyo vinavyoweza kumuumiza mtu.

Pingamizi la pili lilitoka kwa mwalimu wetu mmoja, nalo lilitunyamazisha kwa muda. Alisema mzee anapoeleza kwa uhuru anasema zaidi ya anavyoulizwa: nani aliuawa njiani, nani aliachika, nani hana karatasi. Fomu haikuyataka hayo, na sisi kwa kutunza aya zake tunatunza siri zisizo zetu. Tunakubaliana naye kabisa, na ndiyo maana hatuombi aya zitunzwe. Ukaguzi ukiisha, kinachobaki katika jedwali ni vipande vilivyopigiwa mstari tu, vile vilivyojibu lebo fulani. Aya yenyewe arudishiwe mwenyewe, au ichanwe mbele yake. Safu ya "Alivyosema" inatosha kumlinda dhidi ya makosa yetu, na haimwachi wazi kwa macho ya wengine.

Wapo watakaosema fomu zenye visanduku vitupu hurudishwa. Hurudishwa, tumeliona hilo. Lakini fomu iliyorudishwa huja na swali, na swali lina jibu. Fomu iliyojazwa kwa kubahatisha haiji na swali lolote. Inapokelewa, inapigwa muhuri, na kosa lake linakaa humo kimya mpaka siku mtu anapoketi kwenye kiti cha kliniki tangu asubuhi akingojea zamu ambayo haiko.

Katika mkutano ujao wa chama tutaomba jedwali la Jumamosi libadilishwe: safu mbili kwa kila lebo, sababu kwa kila utupu, mstari mmoja kwa kila mtu. Tutakuja na maelezo ya Bi Mwanahamisi yaliyopigwa chapa, na kila mwanachama atapewa penseli ayapigie mstari mwenyewe kabla hatujapiga kura. Yule babu wa Jumanne tumeshampigia. Miadi yake mpya ni saa tatu asubuhi, na safari hii mmoja wetu atakwenda naye.